Kwa Nini Oda Ndogo ya Kadi Inakula Faida ya Madaftari

Malalamiko yanayofika kwenye dawati letu kutoka kwa wenye viwanda vidogo vya chapa hapa Kampala yanafanana: kazi ni nyingi, mashine hazilali, lakini mwisho wa mwezi pesa haipo. Wengi huilaumu bei ya karatasi. Tukifungua vitabu vyao, mara nyingi tunakuta gharama za uendeshaji zimegawanywa kwa saa za mashine peke yake.

Chukua mfano wa kiwanda kinachochapa madaftari ya shule na kadi za harusi. Ukiacha karatasi na wino, gharama zake za mwezi ni shilingi 12,000,000. Mashine ilifanya kazi saa 200: madaftari 160, kadi 40. Kwa hesabu ya kawaida kila saa inabeba 60,000, hivyo madaftari yanatwishwa 9,600,000 na kadi 2,400,000. Oda za kadi zilikuwa 44, kwa hiyo mwenye kiwanda anaamini kila moja inamgharimu kama 54,500. Anatoza 120,000 juu ya karatasi na wino na kulala usingizi.

Sasa simama karibu na mashine. Kabla ya kadi ya kwanza kutoka, fundi anaosha rola, anafunga pleti, anapima wino, anaharibu karatasi kadhaa mpaka rangi zikae sawa. Kazi hiyo ni ileile, ziwe kadi 100 au madaftari 20,000. Saa za mashine haziioni.

Ukokotoaji wa gharama kwa shughuli, uliotangazwa na Robin Cooper na Robert Kaplan wa Harvard miaka ya 1980, unaanza hapo. Kwanza unauliza pesa ilitumika kwa shughuli gani, kisha nini kinachoifanya shughuli hiyo iongezeke. Hicho ndicho kichocheo cha gharama.

Katika kiwanda cha mfano wetu, kutayarisha mashine kuligharimu 4,800,000 kwa matayarisho 60, yaani 80,000 kila moja. Kupokea na kufuatilia oda kuligharimu 2,400,000 kwa oda 48, yaani 50,000 kila oda. Umeme, matengenezo na kodi ya jengo vilikuwa 4,800,000, na hivi ndivyo vinavyofuata saa za mashine, kwa 24,000 kila saa.

Kadi zilihitaji matayarisho 52, oda 44 na saa 40. Jumla yake ni 7,320,000, siyo 2,400,000. Madaftari, kwa matayarisho 8, oda 4 na saa 160, yanabaki na 4,680,000. Oda moja ya kadi inagharimu wastani wa 166,000, kwa hiyo ile bei ya 120,000 inamwachia hasara ya 46,000 kila mteja anapoondoka ameridhika. Wakati huohuo, akiamini madaftari yanakula 9,600,000, anapandisha bei yake, na shule zinahamia kwa jirani.

Tafadhali msituambie kwamba suluhisho ni kufukuza kadi. Ukiziacha leo, mshahara wa fundi na kodi ya jengo bado utalipa. Hesabu hii inaonyesha nani anatumia nini. Haisemi pesa ipi itarudi mfukoni. Kinachosaidia ni bei ya chini kabisa kwa oda ndogo, au kukusanya kadi za rangi zinazofanana zichapwe siku moja.

Angalia pia uwezo usiotumika. Kama fundi angeweza kufanya matayarisho 75 kwa mwezi, gawanya 4,800,000 kwa 75, siyo 60. Kila moja itakuwa 64,000, na 960,000 inayobaki iandikwe peke yake kama uwezo uliolala. Usipofanya hivyo, mwezi wenye kazi chache utapandisha bei na kufukuza hata wateja waliobaki. Na kama kutayarisha rangi nne kunachukua muda mara tatu ya rangi moja, hesabu saa za matayarisho badala ya idadi yake.

Kuhusu kumbukumbu: kila kazi iwe na fomu yenye namba ya oda, saa fundi alipoanza kuosha rola, saa nakala safi ya kwanza ilipokubaliwa, na sahihi yake zamu hiyohiyo. Fomu zinazojazwa Jumamosi kwa kukumbuka hatuzikubali. Tunazitambua kwa sababu kila kazi inakuwa imechukua dakika 30 kamili.

Jambo la mwisho, ambalo tunalirudia kila mwaka: hesabu hii ya gharama kwa shughuli ni ya maamuzi ya ndani. Katika hesabu za mwaka, kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 2 hakiruhusu gharama za kuuza wala za utawala zisizohusika na uzalishaji kuingizwa kwenye thamani ya mali iliyo stoo. Zile 50,000 za kupokea oda zikiingizwa humo, mkaguzi atadai marekebisho. Ukikataa na kiasi kikiwa kikubwa, ataandika katika maoni yake kwamba hesabu zako zina kasoro, na benki itayasoma. Fomu zenyewe zitunze kwa miaka mitano pamoja na kumbukumbu zako nyingine za kodi, maana mamlaka ya mapato, URA, wakiuliza ulivyofikia thamani ya stoo, hizo ndizo utakazowaonyesha.