Juisi iliyochacha na juisi iliyochafuka

Nyumbani kwetu juisi iliyolala kwenye friji ilikuwa na kipimo kimoja. Mama alifungua chupa, akanusa, akaonja kijiko kimoja. Akikunja uso, inamwagwa. Asipokunja, tunamiminiwa. Nyumba nyingi bado zinatumia kipimo hicho, nacho ni kizuri kwa jambo moja tu: kinakuambia kama juisi imechacha. Kama imechafuka, hakikuambii lolote.

Kuchacha kwanza. Ganda la tunda lolote lina hamira za asili, viumbe vidogo vya ukoo mmoja na hamira ya maandazi. Ukikamua tunda, hamira hizo zinaingia kwenye juisi na kukuta sukari tele. Zinaila, na mabaki yake ni kilevi na gesi. Pamoja nazo wamo bakteria wa uchachu, jamii ya wale wanaogandisha maziwa mtindi, ambao huigeuza sukari kuwa asidi. Watu wa pwani wanalijua jambo hili kupitia tembo la mnazi: likigemwa asubuhi ni tamu, likifika jioni limekuwa kali, wala hakuna mtu aliyetia kitu. Juisi ya miwa nayo ina haraka kama hiyo, na ikiachwa nje huwa na utelezi kama ute, kwa sababu kuna bakteria wanaoifuma sukari ya muwa kuwa utando.

Juisi iliyochacha haijifichi. Ina povu juu, chupa ya plastiki imevimba, ukifungua kifuniko inapiga "fsss", inanukia hamira na inawasha ulimi. Ya chupa ya kioo iliyofungwa kwa nguvu inaweza hata kupasuka. Kwenye friji kazi hii inakwenda polepole, lakini haisimami.

Kuchafuka ni habari nyingine. Hapo wanaingia bakteria wa magonjwa, kama salmonela na baadhi ya aina za E. koli, ambao asili yao ni kinyesi cha watu au wanyama. Wanafika kwenye juisi kwa udongo au mbolea iliyogusa tunda, kwa mikono, kwa maji ya kuongezea, au kwa barafu. Barafu inasahaulika sana: kugandisha maji hakuui vijidudu vyake vyote, kwa hiyo barafu ya maji yasiyochemshwa ni sawa na maji yasiyochemshwa. Na wadudu hawa wanaweza kuwa wengi kiasi cha kukulaza hospitali huku juisi ikiwa na rangi, harufu na utamu uleule wa jana.

Tuchukue tikiti. Mtu amelinunua Ijumaa ili wageni wa Jumapili wakute juisi tayari. Tikiti limelala shambani juu ya udongo, likapangwa chini sokoni. Nyumbani linapasuliwa bila kuoshwa, kwa kuwa ganda haliliwi. Lakini kisu kinapita kwenye ganda kwanza, halafu ndani ya nyama, na kinaburuta kila kilichokuwa juu. Kisha blenda: chini ya visu vyake kuna mpira wa kuzuia kuvuja, na wengi hawaufungui kuosha. Ukiufungua leo utakuta utelezi wa juisi za wiki iliyopita.

Baya zaidi ni kwamba tikiti halina ukali wa kujilinda. Wataalamu hupima ukali huo kwa kipimo cha pH, ambapo namba ndogo ina maana ya ukali mwingi. Ukwaju, pasheni na limau ziko karibu na 3 au chini yake, na bakteria wengi wa magonjwa hawawezi kuzaliana humo. Tikiti na papai viko juu ya 5, na humo wanastawi. Bakteria aliyepata joto la jikoni kwetu na chakula anaweza kugawanyika kuwa wawili kila nusu saa. Fikiria 100 tu walioachwa na kisu: baada ya saa 6 mezani, kwa mwendo huo, ni zaidi ya 400,000. Friji iliyo chini ya nyuzi 5 za Selsiasi inawazuia wengi wao, lakini umeme ukikatika usiku kucha hesabu inaanza tena. Listeria, ambaye ni hatari hasa kwa mjamzito, anaendelea kuongezeka hata ndani ya baridi.

Hapo mtu atasema: basi nitatengeneza za matunda makali. Ni afadhali, lakini kutozaliana si kufa. Mwaka 1996, katika majimbo ya magharibi ya Marekani na huko Kanada, watu zaidi ya 60 waliugua kwa juisi ya tofaa isiyopashwa moto, na mtoto mmoja akafariki. Tofaa ni kali. E. koli aliyehusika, aina ya O157:H7, anavumilia ukali huo, na ndani ya juisi baridi anaishi muda mrefu kuliko ndani ya juisi iliyo nje. Tena hahitaji kuongezeka: wachache sana wanatosha kumwangusha mtoto, na kwa baadhi ya watoto sumu yake huharibu figo.

Dawa ya jambo hili ndiyo pasteurishaji, neno lililotokana na jina la Louis Pasteur, Mfaransa aliyeonyesha katika miaka ya 1860 kwamba divai ikipashwa moto bila kuchemka haiharibiki upesi. Nyumbani ukiwa na kipimajoto, fikisha juisi nyuzi 72, ishikilie hapo dakika moja au mbili huku ukikoroga. Usipokuwa nacho, iache ichemke mara moja, uepue. Weka sufuria ndani ya beseni la maji baridi ipoe haraka, mimina kwenye chupa iliyosuuzwa kwa maji yanayochemka, funika, weka kwenye friji. Pasheni na ukwaju vinavumilia moto vizuri. Tikiti haliuvumilii, linanuka boga lililopikwa, kwa hiyo ushauri wangu ni kulikamua siku ileile ya kulinywa, baada ya kulisugua ganda kwa brashi na maji yanayotiririka.

Moto huo hauui mbegu ngumu za baadhi ya bakteria, ndiyo maana juisi iliyopashwa haikai kabatini. Mwaka 2006 watu wa Marekani na Kanada walipooza kwa juisi ya karoti iliyokuwa imepashwa moto kiwandani. Karoti haina ukali, na baridi ilipokosekana mbegu za botulini zikaamka na kutoa sumu. Na juisi iliyokwisha kuchacha usiichemshe ili kuiokoa. Imwage.

Juisi isiyopashwa, kwangu, mwisho wake ni siku iliyokamuliwa. Ila ya pasheni au ukwaju iliyotengenezwa kwa maji yaliyochemshwa na kuingizwa kwenye friji papo hapo, mtu mzima mwenye afya anaweza kuinywa kesho yake. Mtoto chini ya miaka 5, mjamzito, mzee, na mwenye kinga dhaifu wapewe iliyopashwa tu.

Ugonjwa wa O157 kwa kawaida huanza siku 3 au 4 baada ya kunywa, wakati chupa imeshaoshwa na kusahauliwa, na lawama inakiangukia chakula cha jana. Mtoto akianza kuhara damu, usimpe dawa ya kufunga tumbo wala antibiotiki ya dukani, kwani zinaweza kuzidisha madhara. Mpeleke hospitali, na umweleze daktari kila alichokunywa wiki nzima, juisi ikiwemo.