Tbh, ngl, fr na smh: dhana potofu kuhusu vifupisho vinavyopoza au kunoa sentensi

Katika ujumbe wa simu wanaoandikiana vijana wengi wa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, vifupisho vinne vya Kiingereza cha mtandaoni vimepata makazi ndani ya sentensi za Kiswahili: tbh, ambayo hutangaza kwamba mwandishi anasema kwa uwazi, ngl, ambayo hudai kwamba hadanganyi, fr, ambayo husisitiza kwamba jambo ni la kweli, na smh, ambayo humwonyesha mwandishi akitikisa kichwa kwa masikitiko au kwa kutoamini alichokiona. Wazazi, walimu na hata watumiaji wenyewe huvieleza kwa namna ambayo hailingani na kazi vinazozifanya, na ugomvi mwingi unaozuka baada ya ujumbe wa maneno manne au matano huanzia hapo.

Dhana potofu: vifupisho hivi ni vya kuokoa muda na nafasi.

Ujumbe wa SMS ulikuwa na kikomo cha herufi 160, na kikomo hicho, pamoja na gharama ya kila ujumbe, kiliwazoesha watu kuandika "cjui" badala ya "sijui" na "k2" badala ya "kitu". Hapo neno ambalo sentensi inalihitaji limebaki mahali pake, ila limepunguzwa herufi. Tbh ni jambo jingine kabisa. Mtu anayeandika "Bei imezidi tbh" ameongeza herufi kwenye sentensi iliyokuwa imekwisha kukamilika, na ukizifuta herufi hizo habari inabaki ileile: bei imezidi. Kinachopotea ni msimamo wa mwandishi juu ya habari hiyo, yaani kile ambacho katika maongezi ya ana kwa ana kingebebwa na sauti, macho na mabega. Kwa hiyo kuviita vifupisho hivi uvivu wa kuandika ni kuvionea. Wanaisimu Sali Tagliamonte na Derek Denis walichapisha mwaka 2008 uchambuzi wa mazungumzo ya kuandikiana papo kwa papo ya vijana wa Toronto, Kanada, yenye maneno zaidi ya milioni moja, na wakakuta kwamba vifupisho na maumbo mengine ya aina hiyo hayakufika hata asilimia 3 ya maneno yote. Uchache huo haulingani na picha ya kijana anayekata kila neno ili amalize haraka.

Dhana potofu: tbh hupoza maneno makali popote inapowekwa.

Hii ndiyo dhana inayowaponza watu wengi zaidi, na inafaa kufuatiliwa kwa mfano mmoja. Binti ameshonewa gauni la kitenge kwa ajili ya harusi ya familia, amelivaa kwa mara ya kwanza, amejipiga picha na kumpelekea binamu yake akimwuliza limekaaje. Binamu anaona kwamba mabega yamevuta na kiuno kimepwaya. Akijibu "Halijakukaa vizuri", ametoa hukumu iliyo wazi, isiyo na pambo, na binti atailinganisha na desturi ya maongezi yao: ikiwa wawili hao wamezoea kuambiana mambo bila kuzunguka, jibu hilo halina ubaya wowote.

Sasa binamu aandike "Tbh halijakukaa vizuri." Binti anakutana na tbh kabla ya kuijua hukumu, na katika sehemu ile ya sekunde anajua kwamba linakuja jambo ambalo mwenziwe angependa kulimeza. Kifupisho kilichotangulia kimefanya kazi mbili zinazovutana. Kimelinda uhusiano, kwa sababu kinaonyesha kwamba mwandishi amefikiria hisia za mwandikiwa. Lakini pia kimeiongezea hukumu uzito, kwa sababu jambo dogo halihitaji kutangulizwa na onyo. Ndiyo maana baadhi ya watu husema kwamba tbh iliyowekwa mwanzoni huwauma zaidi kuliko ukosoaji wenyewe, na mimi naona wana haki ya kusema hivyo. Mwenendo huu haukuletwa na simu, kwani "kusema kweli" ikitangulia katika maongezi ya kawaida humfanya msikilizaji akae sawa kwa namna hiyohiyo.

Kisha binamu aandike "Halijakukaa vizuri tbh." Hukumu imetangulia, imesomwa, na ndipo tbh inapokuja nyuma yake kuishusha hadi kiwango cha maoni ya mtu mmoja. Iko karibu na kumalizia kwa kusema "lakini hayo ni yangu mimi". Binti ana nafasi ya kubisha, ya kueleza kwamba fundi bado hajamaliza, au ya kuomba picha ilinganishwe na ile ya mshono wa awali. Kwa sehemu kubwa, basi, tbh ya mwishoni ndiyo inayopoza, na ya mwanzoni hupoza kwa mkono mmoja huku ikinoa kwa mkono wa pili.

Liko pia suala la aina ya sentensi. Tbh hukaa vizuri penye maoni, ladha na hisia, lakini huleta shaka ikiwekwa kwenye taarifa tupu. Katibu wa kikundi akiandika "Tbh mkutano ni saa nne", wanakikundi wataanza kujiuliza ni nani aliyewaambia saa nyingine na kwa nini, kwa kuwa uwazi umedaiwa mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kufichwa.

Wala tbh haihusiani na ukosoaji peke yake. Mwaka 2017 ilizinduliwa Marekani programu ya simu iliyopewa jina hilihili, ambamo vijana waliwachagua wenzao, bila kujitaja, katika orodha ya sifa njema. Facebook ilitangaza kuinunua mwezi Oktoba mwaka huohuo, kisha ikaifunga mwaka 2018. Kwa vijana wale herufi hizo tatu zilikuwa ahadi ya kusifiwa.

Dhana potofu: ngl ni tbh kwa herufi nyingine.

Ukiitazama kwa haraka, mtu anayesema hadanganyi na mtu anayesema kwa uwazi wanadai kitu kimoja. Katika matumizi, hata hivyo, ngl ni kifupisho cha kukiri. Huashiria kwamba mwandishi anatoa kitu ambacho kingeweza kumwaibisha, au kinachokwenda kinyume na alichotarajiwa kusema, na kwa sababu hiyo hukaa kwa urahisi zaidi kwenye sentensi ambayo mwandishi mwenyewe ndiye mhusika: "Ngl niliogopa", "Ngl nililia". Anayejiweka wazi kwa namna hiyo hupunguza ukali hata anapolalamika. Linganisha "Tbh uliniudhi" na "Ngl uliniudhi": ya kwanza inasomeka kama hukumu iliyopimwa, na ya pili inasomeka kama mtu anayekubali kwamba jambo limemgusa kuliko alivyopenda ligundulike. Kwa mtu anayetaka kupeleka lalamiko bila kuvunja maongezi, ya pili ndiyo ningemshauri.

Hatari ya ngl imejificha kwenye sifa. "Umependeza" ni sifa kamili. "Ngl umependeza" inamaanisha kwamba kukubali kumehitaji juhudi, na mwandikiwa anaweza kuuliza kimoyomoyo kama mwandishi alitarajia avae ovyo. Baina ya marafiki wanaotaniana, au baina ya mashabiki wa timu pinzani, kukubali huko ndiko kunakoipa sifa thamani: shabiki wa Simba anayeandika "Ngl Yanga wamecheza leo" amesifu kwa nguvu ambayo shabiki wa Yanga hawezi kuifikia kwa maneno hayohayo. Baina ya watu waliofahamiana juzi, ni afadhali sifa iende bila kifupisho.

Dhana potofu: fr huongeza mkazo tu.

Mkazo upo, lakini kazi hubadilika kulingana na mahali. Ikisimama peke yake kama jibu, fr ni kuafiki: mwenzako amesema foleni ya leo imezidi, nawe unajibu "fr". Ikiwa na alama ya kuuliza, mara nyingi ni mshangao unaomwalika mwenzako aendelee kusimulia. Wakubwa wengi huisoma kama tuhuma ya uongo na kuanza kujitetea bila sababu. Ikifuata lawama, hufunga mlango wa mzaha. "Umechelewa" inaweza kupokewa kwa kicheko, ilhali "Umechelewa fr" inamwambia mwandikiwa kwamba safari hii hakuna utani. Kwa mtu anayeiweka kwenye kila sentensi nguvu hiyo huisha, na hapo ndipo waandishi wengine huanza kuirudia mara mbili, "fr fr", ili kurudisha uzito uliopotea.

Dhana potofu: smh ni utani usiomdhuru mtu.

Cha kuuliza kuhusu smh ni kichwa kinatikiswa kwa ajili ya nani. "Umeme umekatika tena smh" inawaweka mwandishi na msomaji upande mmoja, wote wakisikitikia jambo lisilo mikononi mwao. "Nimesahau funguo ndani smh" inamwelekea mwandishi mwenyewe, nayo huchekesha bila kumuumiza mtu. "Umesahau funguo ndani smh" imebadilisha nafsi tu, na tayari ni karipio: msomaji anajiona akitazamwa kutoka juu, na kwa kuwa kutikisa kichwa si neno, hana hoja ya kuijibu. Karipio lililoandikwa kwa maneno lingekuwa na afadhali, kwa kuwa lingeweza kubishwa.

Herufi kubwa na nukta huzidisha ukali huo. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Binghamton, jimboni New York, walionyesha kwamba jibu la neno moja lililomalizika kwa nukta katika ujumbe wa simu lilichukuliwa na wasomaji kuwa na unyoofu mdogo kuliko lisilo na nukta. Kwa kuyasoma mazungumzo ya aina hii naona smh inafuata mkondo uleule: "SMH." iliyosimama peke yake ni kali kuliko "smh" iliyoning'inia mwishoni mwa sentensi.

Umri nao unaingia. Kwa mjomba, shangazi au mwalimu, smh haipungui ukali kwa sababu imefupishwa, maana anayeifahamu anaona mdogo wake akimtikisia kichwa, na asiyeifahamu ataiulizia kwa kijana mwingine wa nyumbani na kupewa tafsiri ile ile isiyopendeza. Ikiwa imekwisha kutumwa, kuifuta kimyakimya hakusaidii sana, kwani WhatsApp humwachia mpokeaji alama kwamba kuna ujumbe uliofutwa. Linalosaidia ni kuandika mara moja sentensi inayotaja kilichokusudiwa: "Samahani shangazi, nimesikitikia hiyo foleni ya hospitali, si wewe." Sentensi ya kwanza ilipungukiwa na kitu hicho hasa, kwa sababu smh isiyotaja inachokisikitikia humwachia msomaji atafute mlengwa, na wa kwanza kumwona ni yeye mwenyewe.