Mshipi wa dera: mbele tambarare, marinda nyuma

Mwezi uliopita alinijia mama mmoja wa Wete, amevuka na boti kuja harusini hapa mjini, na dera lake mkononi limekunjwa kama ushahidi. "Mwanangu," aliniambia, "mshipi huu umenikata vipande viwili. Nikivaa nakuwa kama mto uliofungwa kamba katikati." Nikamwomba alivae nilione, na alisema kweli tupu. Fundi aliyemtilia mshipi hakukosea kushona, maana mshono ulikuwa safi. Alikosea mahali pa kuanzia.

Wengi tunafikiri kazi ya mshipi ni kubana. Dera lina kitambaa kingi kuliko mwili, na ukilizungushia mshipi pande zote, kitambaa hicho hakipotei, kinajikusanya pale pale. Dera la mama huyu lilikuwa na mzunguko wa sentimita 150, na kiuno chake ni 86. Ukilifunga lote, sentimita 64 za ziada zinajipanga kuzunguka mwili, na nusu yake inakaa juu ya tumbo, mahali ambapo hakuna mwanamke anayetaka marinda. Juu ya mshipi kitambaa kinafura, chini yake kinafura tena, na mtu mwenye kiuno kizuri anaonekana hana.

Kwa hiyo mimi siufungi mshipi mbele. Naugawa vipande viwili, kila kimoja nakishonea ubavuni, vinafungwa nyuma. Mbele kunabaki tambarare, na ziada yote inavutwa mgongoni, ambako marinda yakimwagika kuanzia kiunoni yanapendeza.

Hesabu yake ni hii. Kiuno cha 86 nakiongezea 4 za kupumulia, kwa sababu harusini mtu atakula pilau na atakaa. Inakuwa 90. Kutoka katikati ya kipande cha mbele nilipima 25 kulia na 25 kushoto, nikatia alama. Hizo 50 ndizo mbele tambarare, na nguo ikivaliwa alama zinaangukia ubavuni hasa, nyuma kidogo ya mkono ulioning'inia. Zimebaki 40 za mwili upande wa mgongo, na kitambaa cha kuzifunika ni 100. Yaani kila sentimita moja ya mgongo inabeba mbili na nusu za kitambaa. Pamba nyepesi inalimudu hilo bila tabu. Kitambaa kizito hakiwezi: kinatoa furushi mgongoni, na juu yake likija buibui, mtu anaonekana kabeba kitu. Kwa kitambaa kizito punguza kwanza upana kwenye mishono ya ubavuni, au mshauri mwenye nguo aiache kama ilivyo. Usikisie. Kusanya kitambaa chenyewe kwa vidole mpaka 100 iwe 40, utazame unene wake.

Hapo ni upana. Kwenye urefu ndipo madera mengi yanapoharibika, na ndipo la mama wa Wete lilipoharibikia.

Fundi wa kwanza alililaza mezani, akapima 40 kutoka begani, mbele na nyuma sawasawa, akashona. Nguo iliyolala mezani haina kifua wala mikono. Mbele kitambaa hupanda kifua kisha kikashuka, kwa hiyo safari ya bega mpaka kiuno ni ndefu kuliko ya mgongoni. Isitoshe, mikono ya dera imekatwa pamoja na mwili wa nguo. Mwenyewe akiinua mkono kutengeneza mtandio, kitambaa cha ubavuni kinapanda nao, na mshipi unafuata mpaka mbavuni. Akishusha mkono, mshipi haurudi. Ndiyo maana wanawake wengi wenye mishipi ya kushonewa utawaona wanaivuta chini usiku kucha.

Mimi natumia lastiki nyembamba. Mteja avae dera pamoja na sidiria atakayovaa siku yenyewe (hili msilidharau, linabadilisha kimo cha kifua). Namfunga lastiki juu ya dera, kisha namwambia ajipinde ubavu huu na ubavu huu. Panapokunjika mwili ndipo kiuno kilipo, na lastiki inateleza yenyewe mpaka pale. Halafu namwambia ainue mikono yote miwili kama anayefunga mtandio, aishushe, arudie mara mbili tatu. Kitambaa kinachomokea juu ya lastiki kiasi cha sentimita mbili au tatu, kinabaki kimelegea. Usikirudishe chini. Hicho ndicho kitambaa ambacho mikono yake inakihitaji.

Sasa ndiyo unatia chaki, pale pale lastiki ilipo, kuizunguka nguo yote. Dera likivuliwa na kulazwa mezani utashangaa: mstari uko chini kuliko kiuno ulichokipima mwilini. Kwa mama huyu, mwilini ilikuwa 43 mbele na 41 nyuma. Kwenye kitambaa chaki ilitoka 46 mbele na 43 nyuma. Linganisha na ile 40 ya mwanzo, uone kwa nini mshipi ulikuwa unampanda.

Kushona kwenyewe hakuna makubwa, isipokuwa mahali mshipi unaposhikia. Ukiupachika juu ya kitambaa chepesi, siku ya pili utang'oka na kuacha tundu. Kwa ndani ninabana mkunjo wa wima katika umbo la dagaa, urefu kama sentimita 12, katikati unene wa sentimita moja, ncha zote mbili zikiishia kwenye uzi. Ncha ya mshipi inaingia ndani ya mkunjo huo kutoka nje, na mshono unaibana humo humo. Kwa ndani naongeza kipande kidogo cha pamba cha kubeba mzigo. Napiga bandi kwanza, anajaribu, ndipo nawasha cherehani. Kumbuka tu mkunjo unakula kitambaa, kwa hiyo zile 25 zihesabiwe baada yake.

Mshipi wake wa zamani ulikuwa wa dhahabu, upana wa sentimita 8. Mama ana kiwiliwili kifupi. Kutoka kwapani mpaka kiunoni nafasi ni ndogo, na mshipi wa 8 ulikuwa unakula karibu nusu yake. Nikaukata wa 4, kwa kitambaa cha rangi ile ile ya dera, nilichokipata Mchangani. Rangi ikiwa moja, jicho linaona kiuno kinavyoingia wala haliuoni mstari. Mwenye kiwiliwili kirefu anaweza kuvaa mpana na wa rangi nyingine, na utampendeza. Kila upande niliuachia urefu wa 80: ishirini za kufika katikati ya mgongo, zilizobaki za fundo na mikia. Mshipi nimeukata kwa kufuata urefu wa uzi, si mshazari, kwa sababu wa mshazari unavutika na kabla ya ndoa kusomwa utakuwa umelegea.

Mshipi ukiwa wa satini unateleza kwenye fundo. Dawa yake ni mishono miwili ya mkono baada ya kufunga, mwenyewe aikate akirudi nyumbani.

Njia hii ina watu isiowafaa. Aliyejaa tumbo kuliko nyonga lastiki haitatulia kiunoni, itateleza juu au chini kila akipumua. Huyo msimlazimishie kiuno. Pandisha mshipi mpaka chini ya matiti, ambapo mbavu bado ni nyembamba, na kitambaa kimwagike kutokea hapo.

Pindo la chini nililiacha mwisho. Mshipi ulipofungwa, mbele ya dera ilikuwa imepanda kama sentimita tatu kuliko nyuma, kwa sababu ya kifua. Bahati nzuri pindo la awali lilikuwa nene. Nikamsimamisha na viatu vyake, nikapima kutoka sakafuni kwenda juu, nikalishusha mbele peke yake. Akageuka mbele ya kioo, akainua mikono kufunga mtandio, akautazama mshipi. Haukupanda.