Riwaya iliyokwisha kutolewa mtandaoni

“Ukishaweka riwaya mtandaoni sura kwa sura, si yako tena, huwezi kuitoa kitabu.”

Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, hakimiliki huanza pale kazi inapoandikwa, na kuiweka hadharani hakuihamishi kwa yeyote. Hofu hii, hata hivyo, ina chimbuko la kweli, nalo ni mkataba.

Tuchukue mfano wa mwandishi wa Likoni mwenye riwaya ya sura 30. Sura 20 za mwanzo alizitoa katika ukurasa wake mwenyewe, na 10 za mwisho akazipeleka kwenye programu ya simu inayowalipa waandishi. Zile 20 anaweza kuzichapisha kesho akitaka. Kwa zile 10 inambidi afungue masharti aliyoyakubali na kutafuta neno `exclusive`: likisimama peke yake, huenda ametoa ruhusa ya pekee, na hapo aangalie inadumu miaka mingapi na kama inagusa kitabu cha karatasi, likiwa `non-exclusive`, bado yuko huru kuchapisha. Kwa maoni yangu, kifungu hicho kisomwe kabla ya sura ya kwanza kupandishwa.

Mchapishaji naye ana hiari ya kukataa kazi iliyokwisha kusomwa bure, au kutaka sura ziondolewe kwanza. Huo ni uamuzi wake wa kibiashara, na haumzuii mwandishi kwenda kwa mpiga chapa wa mjini Mombasa na kugharimia nakala zake mwenyewe.