Freeze Frame si hali ya sasa

“Namba za Freeze Frame kwenye mashine ya kupimia gari si ndiyo hali ya injini sasa hivi?”

Hapana. Ni rekodi ya pale kompyuta ya gari ilipohifadhi kodi ya hitilafu, na kwa kawaida haina tarehe. Tuseme ni P0171, petroli pungufu kwenye mchanganyiko: spidi 0, RPM 720, joto la maji 88°C, LTFT, yaani marekebisho ya petroli ambayo kompyuta imejizoesha, +22%. Gari lilikuwa limesimama, injini imeshapata joto, mafuta hayajakanyagwa. Ningetafuta kwanza hewa inayopenya kwenye mipira au gasketi ya manifodi; pampu dhaifu ya petroli huumbuka zaidi gari likipanda mlima.

Kisha fungua Readiness, ukurasa unaoonyesha kama gari limemaliza kujipima. Catalyst, kisafisha moshi, na EVAP, mfumo wa mvuke wa petroli, zikisoma Incomplete, yaani bado, huenda kodi zilifutwa karibuni, au betri ilichomolewa. Kufuta huondoa na Freeze Frame ya zamani, kwa hiyo rekodi hii imewekwa baada ya hapo. Ila EVAP peke yake isikushtue: tangi likijaa sana haipimwi.