Kutaja timu kwenye bio hakukufichi

"Nikiandika 'tulifanya' kwenye bio hakuna atakayejua mimi nilifanya nini, bora niandike 'nilifanya' tu."

Wengi wanaamini hivyo na inaeleweka kabisa, ila kinachomficha mtu sio timu, ni maneno yasiyoonyesha kazi kama "nilihusika" au "nilishiriki". Chukua "Nilitengeneza apu ya kliniki" wakati mlikuwa watu 5. Andika hivi: "Nikiwa kwenye timu ya watu 5 iliyotengeneza apu ya kliniki, mimi niliandika sehemu ya kupanga miadi na kuijaribu pamoja na manesi." Apu ni ya timu, miadi ni yako, na hapo msomaji anajua akuulize nini. Kujicheki, soma kila sentensi yenye "ni-" ukiwaza mwenzako wa timu anaisoma, akiweza kusema "hata mimi nilifanya hiyo" basi irudishe kwenye "tu-".