Kuuza mashine kuukuu na kununua mpya: hesabu ya fedha, bei ya kuuzia na kodi yake

Miongoni mwa maswali ambayo wenye viwanda vidogo hutuletea katika taasisi yetu, liko moja linalorudi kwa sura mbalimbali: mashine iliyopo bado inafanya kazi, lakini inakula umeme na haipiti mwezi bila fundi, je, iuzwe na inunuliwe mpya, au iachwe mpaka ife yenyewe? Mara nyingi anayeuliza huwa ameshajijibu kwa kutazama kitabu cha hesabu cha mwaka, na hapo ndipo makosa makubwa huanzia. Nitalieleza kwa mfano mmoja wa kiwanda cha barafu kilichopo Wete, kisiwani Pemba. Kiwanda na tarakimu zake ni za mfano, ila namna ya kuhesabu ni ileile ambayo mhasibu yeyote makini angeifuata.

Kiwanda hiki hugandisha mapande ya barafu katika tangi la maji ya chumvi, na wanunuzi wake ni wavuvi na wachuuzi wa samaki wanaofika alfajiri na masanduku yao. Mashine ilinunuliwa miaka mitano iliyopita kwa shilingi 50,000,000. Kompresa yake imechoka, hivyo huchukua saa nyingi zaidi kugandisha tangi lilelile, na vyombo vya kugandishia vimeliwa na kutu hata baadhi yake vinavuja. Tangu Pemba iunganishwe na umeme wa Tanga kwa waya uliopitishwa chini ya bahari mwaka 2010, kiwanda kama hiki kinaweza kufanya kazi bila kutegemea jenereta, lakini bili ya umeme ndiyo gharama yake kuu. Kwa mwaka, mashine hii hutumia umeme wa 24,000,000 na matengenezo ya 6,000,000. Mashine mpya, hadi ifungwe na kuwashwa, itagharimu 60,000,000, nayo itatumia umeme wa 15,000,000 na matengenezo ya 2,000,000 kwa kiasi kilekile cha barafu. Yuko mnunuzi aliyekubali kuichukua ya zamani kwa 18,000,000.

Mwenye kiwanda anasema: “Mwalimu, kitabu changu kinaonesha mashine ina thamani ya milioni 25. Nikiiuza kwa 18, si nimepata hasara ya milioni saba?”

Jibu ni kwamba hiyo milioni 25 si fedha. Ni bei ya zamani ambayo mhasibu ameigawa kwa miaka kumi, akatoa 5,000,000 kila mwaka kwa ajili ya uchakavu. Haisemi mashine inauzika kwa kiasi gani leo, wala haisemi mamlaka ya kodi itaitazama vipi. Milioni 50 zilishatoka miaka mitano iliyopita, na hakuna uamuzi wa leo utakaozirudisha. Vivyo hivyo deni la benki lililobaki kwenye mashine ya zamani, kama lipo, halimo katika hesabu hii, kwa sababu litalipwa mashine ikiuzwa na litalipwa isipouzwa. Kinachohesabiwa ni fedha zinazobadilika kwa sababu ya uamuzi wenyewe. Ndiyo maana hata mauzo ya barafu nimeyaacha nje: mashine zote mbili zitatoa barafu ile ile, basi anayeandika mauzo yote ya kiwanda kuwa ni “faida ya mashine mpya” anajidanganya kwa fedha ambazo angezipata vyovyote vile.

Sasa tuje kwenye kodi. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, ambayo inatumika pande zote mbili za Muungano, haiitazami kila mashine peke yake. Mali zinazochakaa huwekwa katika mafungu, na mashine za uzalishaji huingia katika fungu linalopunguzwa asilimia 25 ya salio lake kila mwaka. Ukianza na milioni 50 na kutoa robo ya kinachobaki kwa miaka mitano, unabaki na karibu 11,900,000. Tuiite 12,000,000 kwa wepesi. Kwa hiyo mashine moja ina thamani mbili katika makaratasi, yaani milioni 25 kwenye kitabu cha kiwanda na milioni 12 kwa hesabu ya kodi, na bei ya mnunuzi imeangukia katikati. Kitabu kinalia hasara ya milioni saba, ilhali kwa kodi bei hiyo imezidi salio kwa milioni sita. Anayedhani hatadaiwa kitu kwa sababu “ameuza kwa hasara” amesoma kitabu kisichohusika.

Je, kodi ya hiyo milioni sita hulipwa lini? Hili linastahili uangalifu zaidi kuliko ule ambao watu huutoa. Mauzo ya mali hupunguza salio la fungu, na ununuzi huliongeza. Mwenye kiwanda akiuza ya zamani na kununua mpya ndani ya mwaka mmoja wa kodi, fungu lake linakuwa 12,000,000 kutoa 18,000,000 kuongeza 60,000,000, yaani 54,000,000. Hakuna kilichozidi, hivyo hakuna kodi ya kulipa papo hapo kwa mauzo yale. Ile milioni sita imemezwa na fungu, na itamfikia polepole kwa njia ya makato madogo zaidi ya uchakavu katika miaka ijayo. Lakini akiuza mwezi wa Disemba na mashine mpya ikafika Februari, na hana mali nyingine katika fungu lile, basi tarehe 31 Disemba fungu halina kitu na bei ya kuuzia imelizidi salio kwa milioni sita. Kiasi hicho huingizwa katika mapato ya mwaka ule, na kwa kampuni inayotozwa asilimia 30 ni 1,800,000 za kulipa mapema. Atazipata tena kidogo kidogo, kwa kuwa fungu jipya litaanza na milioni 60 kamili, lakini fedha ya miaka mitano ijayo si sawa na ya leo.

Tuichukulie kwamba ni kampuni na kwamba yote mawili yamefanyika mwaka mmoja. Fedha zinazotoka leo kwa ajili ya uamuzi huu ni 60,000,000 kutoa 18,000,000, yaani 42,000,000. Kila mwaka umeme na matengenezo vitapungua kwa 13,000,000; lakini gharama ikipungua faida huongezeka, na faida ikiongezeka kodi nayo huongezeka, hivyo kinachobaki mkononi ni asilimia 70, sawa na 9,100,000. Juu yake kuna nafuu inayotokana na uchakavu, kwa kuwa makato yake hupunguza faida inayotozwa kodi. Hapa wengi hukosea kwa kuhesabu uchakavu wote wa mashine mpya, wakisahau kwamba ile ya zamani nayo ingeendelea kupewa makato yake. Salio bila uamuzi ni milioni 12, na pamoja na uamuzi ni milioni 54. Tofauti ni milioni 42, na hiyo ndiyo inayokatwa robo. Mwaka wa kwanza makato ya ziada ni 10,500,000, ambayo yanaokoa kodi ya 3,150,000, na nafuu hiyo hupungua mwaka hadi mwaka hadi kufikia karibu 1,000,000 mwaka wa tano. Nafuu maalumu za mwaka wa kwanza nimeziweka kando, na bei zote nimezichukua bila kodi ya ongezeko la thamani.

Kwa hiyo mwaka wa kwanza uamuzi unaleta 12,250,000, na mwaka wa tano karibu 10,100,000. Mwisho wa mwaka wa tano tuseme mashine mpya ingeuzika kwa 20,000,000, na ile ya zamani, kama ingekuwa bado ipo, kwa 4,000,000. Tofauti ni 16,000,000, na baada ya kodi ya kilichozidi salio inabaki karibu 14,200,000.

Fedha hizi haziji siku moja, basi lazima zirudishwe kwenye thamani ya leo. Nikitumia gharama ya fedha, yaani faida ambayo fedha hizo zingeleta zikiwekwa kwingine, ya asilimia 14 kwa mwaka, fedha zote za miaka mitano zina thamani ya leo ya karibu 45,700,000. Ukitoa 42,000,000 zilizotoka, uamuzi unaacha ziada ya karibu 3,700,000. Mashine ibadilishwe. Kwa njia ile nyingine, ya kuuza Disemba na kununua Februari, ziada inapungua kwa karibu 570,000 kwa sababu ya tarehe tu, mbali na mauzo yatakayopotea kwa wiki ambazo kiwanda hakina mashine.

Hata hivyo, ziada ya milioni 3.7 juu ya mashine ya milioni 60 ni nyembamba, na ni wajibu wangu kueleza inategemea nini. Mosi, nimechukulia kwamba mashine ya zamani ingeweza kweli kuendelea miaka mitano kwa matengenezo yaleyale. Fundi akisema kompresa haimalizi miaka miwili, upande wa kuiacha unakuwa ghali zaidi na hesabu inaegemea zaidi kwenye kubadilisha. Pili, nimechukulia kampuni inayotozwa kodi kwa faida. Mfanyabiashara binafsi anayekadiriwa kodi kwa mauzo yake hapati nafuu ya uchakavu, na umeme alioupunguza hauongezi kodi yake, kwa hiyo 13,000,000 zinabaki zote mkononi mwake. Huyo asinakili mistari yangu ya kodi.

Lakini tarakimu nyingine inayotikisa jibu ni ile bei ya kuuzia. Kila milioni moja inayopungua katika bei hiyo inaondoa karibu 800,000 katika ziada, kwa kuwa kodi hurudisha sehemu ndogo tu, tena kwa kuchelewa. Bei ikishuka chini ya karibu 13,400,000, ziada inakwisha, na kwa bei ya 8,000,000 uamuzi unakuwa na hasara ya zaidi ya milioni nne. Ndiyo maana hatukubali bei iliyosikika mtaani iandikwe katika hesabu. Tunataka mnunuzi aliyeiona mashine ikifanya kazi, akatamka bei na namna ya kulipa. Na kama sharti lake ni kwamba muuzaji aing'oe, aipakie na kuifikisha bandarini Mkoani, basi ujira wa mafundi, winchi na lori vitolewe kwanza katika zile milioni 18, na kinachobaki ndicho kiandikwe kuwa bei.